Miomu ya kizazi: kufunga damu kwanza, kisha kufikiria kisu

Mama mumoja mwenye miaka 38, anayeuzisha sambaza kwenye soko la Kadutu, Bukavu, alituambia kwamba kwa muda wa miaka mitatu alikuwa akitibiwa malaria karibu kila mwezi. Alikuwa anachoka, kichwa kinazunguka, moyo unapiga mbio akipanda mulima na beseni yake. Kila mara alipewa dawa ya malaria, mara ingine ya tifoide, anapata nafuu siku mbili tatu, kisha inarudia. Jirani mumoja akasema ni karuho, mutu amemulisha sumu. Hakuna aliyemuuliza siku ngapi anakaa katika mwezi. Angeulizwa, angejibu: siku 9, na usiku analala juu ya vikwembe vitatu vilivyokunjwa.

Siku alipoanguka sokoni ndipo walimupima damu. Emoglobini ilikuwa 6,1. Ekografi ikaonyesha miomu nyingi katika kizazi, moja kubwa ya sentimetre 6. Familia ikasema: apasuliwe haraka, ile kitu itoke. Munganga akakataa kumupasua ile juma. Makala hii inaeleza kwa nini alikataa, na njia ambayo huyu mama alipitia toka ile 6,1 mpaka kwenye operesheni.

Miomu ni nini, na kwa nini moja inamwaga damu na ingine hapana

Miomu (wengine wanaita fibromu) ni nyama inayoota katika ukuta wa kizazi. Ukuta huo ni musuli, na miomu ni musuli uleule uliojikunja na kuwa kama mupira mugumu. Si kansa. Kansa inayofanana na miomu iko, lakini ni ya nadra sana. Miomu yenyewe ni kitu cha kawaida kuliko watu wanavyofikiri: utafiti uliofanywa Amerika na kutangazwa mwaka wa 2003 ulikuta kwamba kufikia miaka 50, zaidi ya wanawake weusi 8 kwa 10 wako nayo, na wengi wao hawakujua. Kwa hiyo kuambiwa "uko na miomu" peke yake si sababu ya kupasuliwa. Inayoamua ni kile ambacho hiyo miomu inafanya.

Na kile inachofanya kinategemea mahali inapokaa. Fikiri kizazi kama chumba kidogo chenye ukuta munene. Miomu inaweza kuota upande wa nje ya ukuta, ikaangalia tumboni. Hiyo inaweza kuwa kubwa kama embe, ikasukuma kibofu mpaka mama anakojoa kila saa, lakini damu ya mwezi inabaki kawaida. Inaweza kuota katikati ya ukuta. Ao inaweza kutokea upande wa ndani na kuingia chumbani, pale ambapo damu ya mwezi inatoka. Hii ya ndani, hata ikiwa ya sentimetre 2 tu, inaweza kumwaga damu kuliko ile ya nje ya sentimetre 10. Inaongeza eneo linalotoka damu, mishipa inayoizunguka inapanuka, na ukuta unashindwa kujikaza vizuri ili kufunga.

Ndiyo maana ukienda kwa ekografi usikubali karatasi inayosema tu "miomu nyingi". Uliza mambo mawili: kubwa kuliko zote iko na sentimetre ngapi, na je, kuko moja inayoingia katika chumba? Kwa yule mama wa Kadutu, ile ya sentimetre 6 ilikuwa katikati ya ukuta. Iliyomumalizia damu zaidi ilikuwa ndogo, ya sentimetre 3, iliyochungulia ndani.

Namna ya kujua kama damu ni nyingi kupita kiasi

Wamama wengi waliona mama yao na dada zao wakimwaga damu vilevile, basi wanasema "sisi katika familia yetu ni hivyo". Kwa kawaida mwezi unachukua kati ya siku 3 na 7, na damu yote haipiti mililitre 80, ni kusema kama kikombe kidogo cha kahawa. Hakuna anayepima damu na kikombe, lakini kuko alama. Ukibadilisha koteksi ao kitambaa kilicholowa kila saa moja ao mbili. Ukiamka usiku kwa ajili ya kubadilisha. Ukivaa viwili kwa mara moja. Ukiona mabonge ya damu makubwa kuliko kifuniko cha chupa ya limonade. Mwezi ukipita siku 7. Moja tu ya hizi, ikirudia miezi mingi, inatosha kwenda kupima.

Sasa hesabu kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotea. Katika kila mililitre ya damu kuko karibu nusu miligramu ya feri, ile chuma ambayo mwili unatumia kutengeneza damu. Mama anayemwaga mililitre 200 anapoteza karibu miligramu 100 za feri kwa mwezi mumoja. Chakula, hata kizuri, kinaingizia mwili miligramu 1 ao 2 kwa siku, ni kusema 30 mpaka 60 kwa mwezi, na sehemu kubwa ya hiyo inatumika kwa kazi zingine za mwili. Kwa hiyo kila mwezi anaingia katika deni. Mwaka wa kwanza mwili unalipa kwa akiba yake. Akiba ikiisha, emoglobini inaanza kushuka. Hapo ndipo anasikia uchovu, baridi, kukosa pumzi, na hata hamu ya kula udongo. Wengi wanadhani kula udongo ndiko kunaleta anemi, kumbe mara nyingi anemi ndiyo inaleta ile hamu, na udongo nao unazuia feri isiingie vizuri.

Ndiyo sababu sombe, lengalenga na maharagi peke yao haviwezi kumuponya mutu aliye chini ya 8. Ni chakula kizuri, ale, lakini deni ni kubwa kuliko mushahara. Hata divai ya rangi nyekundu, maji ya betiravu na tomati ya kopo ambavyo tunapewa mashauri ya kunywa, rangi yake tu ndiyo inafanana na damu.

Kwa mwanamuke asiye na mimba, emoglobini inapaswa kuwa 12 ao zaidi. Kati ya 8 na 11 ni anemi ya katikati. Chini ya 8 ni anemi kali. Sisi tunaokaa juu, Bukavu, Goma ao Butembo, mwili wetu unahitaji kidogo zaidi kuliko mutu wa Uvira ao Kalemie, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Mwenye 12 huku mulimani tayari yuko mupakani.

Kwa nini asipasuliwe siku hiyohiyo

Kutoa miomu kunamwaga damu. Kizazi kina mishipa minene, na kila miomu inayotolewa inaacha shimo linalopaswa kushonwa. Kupoteza nusu litre mezani si ajabu, na wakati mwingine inapita litre. Mutu aliyeingia na 12 anaweza kuvumilia. Mutu aliyeingia na 6 hana kitu cha kupoteza. Na hapa kwetu poshi za damu hazingojei katika firigo: mara nyingi familia inatumwa kutafuta watu wa kutoa, wapimwe ukimwi, hepatite B na C na kaswende, na ikiwa kundi lao ni la nadra, siku inapita. Hakuna munganga mwenye akili anayetaka kuanza kutafuta damu wakati tumbo tayari liko wazi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni mbili pamoja: kufunga bomba, na kujaza bidon. Ukijaza bila kufunga, mwezi unaofuata unamwaga tena kila kitu. Ukifunga bila kujaza, mama anabaki mweupe miezi na miezi.

Kufunga bomba

Dawa ya kwanza ambayo yule mama alipewa ni asidi traneksamiki, ambayo katika famasia nyingi inajulikana kwa jina la Eksasili. Siyo homoni. Inafanya damu iliyoganda kwenye mishipa isiyeyuke upesi, basi inapunguza kumwagika karibu nusu kwa wamama wengi. Kipimo cha kawaida ni gramu 1 mara tatu kwa siku (kinini mbili za miligramu 500 kila mara), tangu damu inapoanza kuwa nyingi, na haipiti siku 4 ao 5. Inakunywewa siku za damu tu. Kuna wanaoinunua na kunywa mwezi muzima, hiyo ni kutupa makuta, tena kuna hatari. Mutu aliyewahi kuganda damu katika muguu ao katika mapafu asiinywe. Anayekunywa kinini cha kuzuia mimba cha homoni mbili amwambie munganga kwanza.

Kwa maumivu kuko ibuprofeni, inayokunywewa na chakula. Inasaidia kidogo kwa damu pia, lakini kwa miomu usingojee mengi kutoka kwake, na mwenye kidonda cha tumbo aiache.

Kisha kuko homoni. Yule mama, kwa sababu alifika akiwa bado anamwaga, alipewa kinini za projesteroni siku 10 ili damu isimame. Kinini za kuzuia mimba nazo zinaweza kupunguza mwezi. Sindano ya miezi mitatu inaweza kuusimamisha kabisa, lakini miezi ya kwanza inaweza kuleta damu kidogokidogo kila siku, na anayetaka mimba karibuni asiichague, kwa kuwa uzazi unakawia kurudi. Kuko pia kifaa cha kuweka ndani ya kizazi chenye homoni, ambacho kwa damu nyingi ni kati ya njia nzuri zaidi. Lakini miomu ikiingia chumbani kinaweza kusukumwa nje, na bei yake na upatikanaji wake kwetu si rahisi. Tafazali tusikichanganye na kile cha shaba, kinachoitwa sterile: kile cha shaba kinaongeza damu. Mama mwenye miomu inayomwaga akipandikizwa cha shaba, tatizo linakuwa mara mbili.

Hizi zote zinapunguza damu. Hakuna hata moja kati yake inayomaliza miomu. Iko sindano nyingine yenye nguvu inayozima homoni na kufanya miomu ipungue kwa miezi michache mbele ya operesheni. Ni ya bei kali, inaleta joto la mwili kama la mama aliyefunga uzazi, na ukiiacha miomu inakua tena. Anayekuambia iko na dawa ya kuyeyusha miomu kwa siku 40, ya kunywa ao ya kuingiza chini, anachukua makuta yako. Ile ya kuingiza chini ni mbaya zaidi: inachoma, inaleta maambukizo, na inaweza kuharibu kizazi ambacho mama alitaka kuokoa.

Kujaza bidon

Mwenye 6,1 anayetetemeka moyo hata akiwa ameketi, anahitaji damu ya mutu. Alipewa poshi mbili. Poshi moja inapandisha emoglobini karibu gramu 1, basi akafika 8. Wengi wanasimama hapo, wanajisikia vizuri, wanarudi sokoni. Lakini 8 ni bado anemi, na akiba ya feri ni sifuri.

Iliyofuata ni kinini za feri na asidi foliki, zilezile ambazo wamama wenye mimba wanapewa kwenye kituo cha afya, zenye miligramu 60 za feri. Kunywa moja kwa siku, tumbo likiwa tupu ikiwezekana, pamoja na maji ya ndimu ao chungwa. Chai na kahawa zikae mbali, angalau saa moja mbele na saa moja nyuma, kwa maana zinafunga feri tumboni. Maziwa vilevile. Choo kitakuwa cheusi, si ugonjwa. Tumbo likiuma sana, kunywa moja siku moja na kuruka siku moja: mwili bado unachukua sehemu nzuri, na ni bora kuliko kuacha kabisa. Kinini hizi zikae mbali na watoto, zinafanana na bonbon na nyingi zinaweza kuua mutoto mudogo.

Baada ya juma 4, rudi kupima. Ikiwa damu imefungwa na kinini zinakunywewa, emoglobini inapanda gramu 1 ao 2 kwa mwezi. Isipopanda, kuko sababu na lazima itafutwe: mara nyingi mama aliacha kinini kwa sababu ya tumbo na anaogopa kusema. Ao bado anamwaga. Ao kuko minyoo inayokunywa damu, malaria isiyoisha, ao ugonjwa wa damu wa kuzaliwa. Kwa anayeshindwa na kinini, hospitali kubwa ziko na feri ya kupitia mushipa. Na hata emoglobini ikifika 12, feri inaendelea miezi mitatu ingine, kwa ajili ya akiba.

Yule mama alichukua juma 10. Alifika 11,2.

Kisu gani

Hapo ndipo mazungumuzo ya operesheni yalianza kweli, na swali la kwanza halikuwa la munganga, lilikuwa lake: bado unataka mutoto? Alikuwa na watatu wa bwana wa kwanza. Kwa bwana wa sasa, bado hata mumoja, na wakwe walikuwa wanauliza. Alitaka.

Kwa anayetaka mimba, kuko operesheni ya kutoa miomu peke yake na kuacha kizazi. Tumbo linafunguliwa, miomu zinatolewa moja moja, mashimo yanashonwa. Ili damu isimwagike sana, wanganga wanaweza kutoa mizoprostoli mbele ya operesheni na kufunga kamba ya mupira chini ya kizazi wakati wanakata. Kwake zilitoka miomu 5. Alipoteza karibu nusu litre, na hakuhitaji poshi ingine. Ile ya juma 10 ilimulipia.

Lakini operesheni hii iko na mipaka yake, na aliambiwa mbele ya kutia sahihi. Miomu ndogo zisizoonekana zinabaki na zinaweza kukua, basi wengine wanarudia baada ya miaka. Mimba ingoje angalau miezi 6 ili kovu likauke. Na kwa kuwa ukuta ulikatwa kwa kina, mutoto atazaliwa kwa operesheni katika hospitali, si kwenye kituo cha kijijini, sababu kovu linaweza kupasuka katika uchungu. Na kama damu ingekataa kusimama mezani, kizazi kingetolewa ili kuokoa maisha. Hilo linapaswa kusemwa mapema, mbele ya bwana pia, maana kulijua mutu akiamka kunavunja ndoa.

Kwa asiyetaka tena mutoto, kutoa kizazi chote kunamaliza damu na miomu mara moja, hazirudi. Mayai yakiachwa, mama haingii katika uzee wa homoni siku hiyo, na maisha ya ndoa yanaendelea kitandani. Watu wanasema mwanamuke bila kizazi anakuwa "tupu" ao baridi. Hiyo tumeisikia mara nyingi ku redio, na si kweli.

Miomu ndogo iliyo ndani ya chumba inaweza pia kutolewa kupitia chini, na kamera, bila kufungua tumbo. Kama uko na nafasi ya kuifikia ni njia nzuri, lakini vifaa vyake ni vya nadra kwetu. Na kuko wamama wasiohitaji kisu kabisa: mwenye miaka 48, damu yake ikitulia na kinini, anaweza kungoja. Mwezi ukifunga, miomu nyingi zinapungua zenyewe.

Kuhusu makuta: uliza fakitire yote mbele, yaani damu, vipimo, operesheni, dawa na vitanda, kwa maandishi. Wagonjwa waliozuiliwa hospitalini kwa deni tunawajua wote. Juma za kungoja emoglobini ipande ni juma za kuweka akiba na kuuliza mutuelle, na kwa wengi ni kitulizo pia kwa upande huo.

Wakati damu si ya miomu

Ekografi ikionyesha miomu, watu wanaacha kutafuta. Lakini miomu inaweza kuwa pale na damu ikatoka kwingine. Damu inayotoka baada ya kulala na bwana inaomba kuangaliwa mulango wa kizazi, kwa sababu ya kansa ya pale. Damu inayorudi mwaka ao zaidi baada ya mwezi kufunga si miomu mpaka ithibitishwe. Mama wa miaka 45 na zaidi ambaye damu yake imebadilika anapaswa kuchukuliwa kipande kidogo cha ngozi ya ndani ya kizazi na kupimwa. Na mwanamuke yeyote aliye katika umri wa kuzaa, mbele ya yote, apimwe mimba: mimba iliyoharibika ao iliyo nje ya kizazi inamwaga damu pia, na hiyo haingoji juma 10.

Usingoje hata asubuhi ikiwa unalowesha koteksi mbili kwa saa moja, saa mbili mufululizo, ao ukizimia, ao moyo unapiga mbio ukiwa umelala.

Yule mama alirudi Kadutu baada ya juma 6. Beseni anabebewa bado na kijana wake. Emoglobini ya mwisho tuliyoona kwenye karatasi yake ni 12,4, na mwezi wake sasa unachukua siku 5.